Jina limefutwa, mtoto bado anaonekana

Habari iliyo mbele ya mhariri ni fupi, aya mbili tu, imetumwa na mwandishi wa mahakamani saa kumi jioni. Nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya makala hii ili asiguswe mtoto wa mtu, lakini kila kipande kilichomo nimewahi kukutana nacho kwenye dawati la habari hapa Dar es Salaam. Inasomeka hivi:

"Fundi cherehani mkazi wa Mbagala, mwenye umri wa miaka 42, amepandishwa kizimbani katika Mahakama ya Wilaya ya Temeke kwa shtaka la kumbaka mtoto wake wa kambo mwenye umri wa miaka tisa (jina linahifadhiwa), mwanafunzi wa darasa la tatu.

Ilidaiwa kuwa alitenda kosa hilo nyumbani kwake alfajiri, wakati mama wa mtoto akiwa Feri kununua samaki wa biashara yake ya kukaanga. Tukio liligundulika baada ya mwalimu wa madrasa kumwona mtoto akitembea kwa shida. Mshtakiwa alikana shtaka, na kesi imeahirishwa."

Kwenye nakala ya mwandishi, majina ya mshtakiwa yameandikwa yote matatu, na mtaa umetajwa. Jina la mtoto halipo. Mwandishi amefanya alichofundishwa, ameweka maneno "jina linahifadhiwa" kwenye mabano, na moyoni ameridhika kwamba mtoto amelindwa.

Hebu tuhesabu. Watoto wa miaka tisa Mbagala ni maelfu. Ukitaja mtaa, wanabaki labda mia mbili. Ukisema darasa la tatu, wanapungua tena. Ukisema mama yake anakaanga samaki na huenda Feri alfajiri, wanabaki watatu au wanne. Ukisema anaishi na baba wa kambo ambaye ni fundi cherehani, amebaki mmoja. Na hapo bado hatujafika kwenye jina la mshtakiwa, ambalo peke yake linatosha kumpeleka jirani moja kwa moja hadi kwenye mlango wa chumba chao.

Kazini tunaita hali hii kuunganisha vipande. Hakuna kipande kimoja kinachomtaja mtoto, ila vikikaa pamoja vinamtaja kuliko jina lenyewe, kwa sababu jina linaweza kuwa la watoto kumi lakini maisha yale ni ya mmoja.

Swali la kujiuliza kabla ya kuchapisha ni hili: baada ya kusoma habari yetu, ni watoto wangapi wanaobaki ambao kila mmoja wao angeweza kuwa huyu? Na anayehesabu awe mtu wa mtaani kwao. Msomaji wa Tabata hata akipewa jina kamili hana la kufanya nalo, hamjui. Atakayemuumiza mtoto ni yule anayekaa dawati la nyuma yake darasani, mpangaji wa chumba cha tatu, mwenye genge anakotumwa nyanya, na ndugu wa mshtakiwa wanaotaka kujua nani "amemfunga" mtu wao. Hao ndio wanaoweza kumzomea, kumtenga, au kwenda kumwambia mama afute kesi. Kwa hiyo tunaandika tukiwa na hao akilini.

Sheria zetu zinaegemea upande huohuo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inataka maslahi yake yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai katazo ambalo waandishi wengi tunalisahau: katika kesi za makosa ya kujamiiana, ushahidi hupokelewa faragha, na ushahidi huo pamoja na mashahidi wake hawaruhusiwi kuchapishwa kwenye gazeti wala chombo kingine cha habari. Katazo halikuishia kwenye neno "jina". Limesema mashahidi, na katika kesi ya namna hii mtoto ndiye shahidi mkuu. Mama anayekaanga samaki naye huenda ni shahidi. Mwalimu wa madrasa ni shahidi. Aya ya pili ya habari yetu imewapanga wote watatu mstari mmoja.

Sasa tuifanyie kazi kipande kwa kipande, kwa sababu kazi ya mhariri hapa ni kuchagua kitakachobaki.

Mtaa unatoka, na Mbagala nayo inatoka. Tunabakiza Wilaya ya Temeke, ambayo ina watu zaidi ya milioni moja. Umbali huu wa kusogea nyuma hauna kipimo kimoja. Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5 katika sensa ya mwaka 2022, kwa hiyo kutaja wilaya kunamwacha mtoto ndani ya kundi kubwa. Habari ya namna hiyohiyo ikitoka kijijini, wilaya inaweza kuwa ndogo mno na itabidi tubaki na mkoa.

Darasa la tatu linatoka bila mjadala. Halimwongezei msomaji chochote.

Umri unahitaji kufikiriwa. Wengi hubakiza "miaka tisa" kwa kuona kwamba umri haumtambulishi mtu. Kwa jirani unamtambulisha. Lakini hatuwezi kuufuta kabisa, kwa sababu umri una maana kisheria: mwanamume anayetiwa hatiani kwa kumbaka mtoto wa kike aliye chini ya miaka 10 hukumu yake ni kifungo cha maisha, na msomaji anastahili kujua mshtakiwa anakabiliwa na nini. Basi tunaandika "mtoto wa chini ya miaka 10". Maneno hayo yanabeba uzito wote wa kisheria, na yanamchanganya mtoto wetu na wa miaka minne, sita na nane.

Samaki, Feri na alfajiri vinatoka. Najua mwandishi ataumia, maana ndivyo vinavyoipa habari uhai, na mimi mwenyewe nimewahi kuumia kwa kukatiwa sentensi za namna hiyo. Lakini angalia vinafanya kazi gani pale: vinamweleza mama, na kwa msomaji mwenye ulimi mkali vinamsema mama, kwamba alimwacha mtoto akaenda kutafuta hela. Havielezi kosa.

Kutembea kwa shida kunatoka. Hayo ni maelezo ya mwili wa mtoto, na ni ushahidi. Siku moja atajua kusoma gazeti.

Kinabaki kile kigumu kuliko vyote, jina la mshtakiwa na undugu wake na mtoto. Vyote viwili haviwezi kukaa pamoja, kwa sababu ukimtaja mtu na ukasema aliyembaka ni mtoto wake wa kambo, umemtaja mtoto. Wahariri wa Uingereza wana kanuni ya maadili iliyolimaliza jambo hili kwa kuchagua upande mmoja: mtu mzima anaweza kutajwa, mtoto hatajwi, na habari isiwe na kitu chochote kinachoonyesha undugu kati yao. Faida ya kuchagua upande mmoja ni kwamba magazeti yote yanaacha kipande kilekile. Gazeti moja likitaja jina na kuficha undugu, na jingine likataja undugu na kuficha jina, kila moja limefuata maadili kwa upande wake, lakini msomaji aliyeyasoma yote mawili amempata mtoto.

Mimi kanuni hiyo naifuata nusu, na nitaeleza kwa nini. Tuseme mshtakiwa ni dereva wa basi la shule, au mwalimu wa masomo ya ziada mwenye wanafunzi hamsini. Kumtaja hakumwelekezi msomaji kwa mtoto mmoja, kwa sababu watoto waliomzunguka ni wengi. Tena kuna faida kubwa: mzazi mwingine atakayesoma atamwita wake pembeni amuulize taratibu, na huenda likajitokeza lililokuwa limefichwa. Huyo namtaja. Ila shule siitaji kama ni ndogo, wala darasa, wala basi lenyewe kwa njia linayopita.

Lakini fundi cherehani wetu anaishi kwenye nyumba ya kupanga, chumba na sebule, na katika familia yake kuna mtoto mmoja tu wa kike. Nikiandika jina lake na nikaandika "mtoto wa chini ya miaka 10", hata kama sikutamka neno kambo, mtaa mzima utamaliza sentensi yangu. Hapa jina la mshtakiwa lenyewe ni jina la mtoto. Naliacha. Najua ninachopoteza, maana mahakama inatakiwa kuonekana ikifanya kazi, na wapo watakaosema tunamficha mbakaji. Huyo bado ni mshtakiwa, kesi haijaisha, na hakimu, polisi na majirani wanamjua. Ninayemficha ni mtoto, na sina njia ya kumficha yeye huku nikimwacha baba yake wa kambo hadharani.

Habari ikitoka kwenye mikono yetu inakuwa hivi:

"Mkazi mmoja wa Wilaya ya Temeke amefikishwa katika Mahakama ya Wilaya akikabiliwa na shtaka la kumbaka mtoto wa chini ya miaka 10. Mshtakiwa alikana shtaka hilo, na kesi imeahirishwa hadi tarehe itakapotajwa tena. Akitiwa hatiani, adhabu ya kosa hilo kwa mtoto wa umri huo ni kifungo cha maisha. Gazeti hili halimtaji mshtakiwa kwa sababu kumtaja kunaweza kumtambulisha mtoto."

Sentensi ya mwisho naipenda ibaki kila mara. Inamwambia msomaji kwamba kuna uamuzi ulifanyika na sababu yake, na inamnyima mwenye kunong'ona nafasi ya kusema gazeti limehongwa.

Kazi haijaisha, kwa sababu sisi si chombo pekee. Kuna redio ya mtaani, kuna magazeti mengine, kuna akaunti za mtandaoni zenye wafuasi kuliko sisi sote. Kabla ya kuruhusu habari nafungua zilizokwisha kutoka na kuzisoma kama jirani anavyozisoma, nikiuliza: yetu inaongeza kipande gani ambacho hawa hawakuwa nacho? Kama mwenzetu ameshatoa jina la mshtakiwa, basi neno "kambo", kazi ya fundi na hata "nyumbani kwake" kwetu ni marufuku. Waandishi wanaokaa benchi moja mahakamani wanaweza kukubaliana palepale, kabla hawajatoka nje ya geti, ni upande gani wanauacha. Nimeona ikifanyika kwa maneno machache tu: "Jamani, huyu tunamtaja au hatumtaji?" Dakika mbili hizo zina thamani kuliko semina.

Kuna mlango mwingine ambao hauonekani kirahisi. Kesi hizi zikikatiwa rufaa, hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani huwekwa mtandaoni kwenye TanzLII, zinasomwa na yeyote. Majaji wengi humwita mtoto kwa herufi za kwanza za jina au kwa namba yake ya shahidi. Wengine maelezo hubaki marefu, yana kijiji, shule, majina ya ndugu. Mwandishi akiona hukumu iko wazi anafikiri na yeye ameruhusiwa. Katazo lile la mwaka 1998 limetoa ruhusa kwa mikusanyo halisi ya hukumu za kisheria na kwa majarida ya kitaalamu ya wanasheria na madaktari. Gazeti la kila siku halimo humo, wala ukurasa wa Instagram.

Halafu anakuja mama mwenyewe ofisini. Ameketi kwenye kiti cha mapokezi, mkoba mapajani, na anasema, "Mwanangu, mimi nataka mumuweke picha yake, watu waone huyu mtu amemfanya nini." Si rahisi kumkatalia mama aliyeumizwa. Anahisi kufichwa kwa mtoto ni kufichwa kwa kosa. Namwambia hivi: "Mama, tukimweka leo, kesi itaisha, na picha haitaisha. Akifika sekondari mtu ataandika jina lake kwenye simu na hii ndiyo itakayotangulia." Ridhaa ya mzazi ina nafasi yake kwenye mambo mengi ya mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa zinazohusu watoto kwenye fungu la taarifa nyeti. Ila ridhaa ya mama haifungui katazo la sheria, na pengine mama huyohuyo wiki ijayo atabanwa na wakwe akatamani asingesema. Kile anachokitaka kweli, yaani kesi isizimwe, tunaweza kukifuatilia bila uso wa mtoto: tarehe zinavyoahirishwa, mashahidi wanavyoshindwa kufika, jalada linavyokwama. Na kama ana hofu kuhusu usalama wa mtoto nyumbani, namwelekeza kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, kwa afisa ustawi wa jamii, au apige 116, simu ya bure ya kuhudumia watoto.

Tuje kwenye picha, ambako makosa ni ya kila siku. Ule utepe mweusi juu ya macho haufichi kitu. Mtu unayemjua unamtambua kwa kidevu, kwa masikio, kwa namna alivyosimama, kwa kanga ya mama yake aliyemshika mkono. Uso ukifunikwa ufunikwe wote, na uzibwe kabisa kwa rangi, maana ukungu mwepesi unaoacha vivuli vya pua na mdomo unamwacha mtu ambaye ndugu yake atamtambua tu. Kisha angalia kilichobaki: sweta la shule na nembo yake, mlango wa nyumba wenye namba, kibao cha duka nyuma, baiskeli ya baba. Kwenye video, sauti. Mtoto anaweza kufunikwa uso vizuri kabisa halafu akaachwa aseme mwenyewe kwa sauti yake, na shangazi aliyeko Tanga akamtambua kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Njia iliyo salama ni kupiga picha isiyo na mtoto kabisa: jengo la mahakama, jalada, benchi tupu.

Kuna pia kile kilicho ndani ya faili. Picha ya simu inaweza kubeba mahali ilipopigwa, kwa vipimo vinavyofika mpaka kwenye nyumba. Mitandao mingine huifuta taarifa hiyo wakati wa kupandisha picha, ila ukiituma kama hati kwenye kundi la WhatsApp la ofisini, inasafiri nayo. Fundi wetu wa mtandao alitufundisha amri moja, ambayo huondoa taarifa hizo zilizofichwa ndani ya faili:

```
exiftool -all= picha.jpg
```

Programu hiyo huacha nakala ya awali kando, ikiwa na `_original` mwishoni mwa jina la faili, na nakala hiyo bado ina kila kitu. Lazima ifutwe au ifungiwe mahali pake. Na jina la faili nalo liangaliwe: nimekuta picha iliyozibwa uso vizuri, mtoto hatambuliki, halafu faili limeitwa kwa jina lake, na jina hilo likaonekana kwenye anwani ya picha mtandaoni.

Kesi inayonikosesha usingizi kuliko zote ni ya mtoto aliyepotea. Jumatatu mtoto hajarudi kutoka shule. Jumanne wazazi wametoa ripoti polisi, na picha yake iko kila mahali: jina lake kamili, shule, nguo alizovaa, namba ya simu ya baba. Na sisi tumeitoa, na tumefanya vizuri kuitoa, kwa sababu saa zile kila jicho lina faida. Hapa kumtaja ndiko kumlinda. Ijumaa anapatikana, na polisi wanasema wanamshikilia mtu kwa tuhuma za kumbaka.

Kuanzia dakika hiyo mtoto yuleyule amebadilika kuwa wa kutotajwa, huku jiji zima tayari linamjua. Wengi hukata tamaa hapo: "Si ameshajulikana, tunaficha nini tena?" Tunaficha kile ambacho bado hakijajulikana, yaani alichofanyiwa. Jiji linajua alipotea. Halijui zaidi.

Kwa hiyo tunazitenganisha habari mbili na hatuziruhusu zikutane. Ya kwanza inafungwa kwa sentensi moja: mtoto aliyekuwa akitafutwa amepatikana na yuko na familia yake. Hakuna picha mpya, hakuna alikokutwa, hakuna "katika mazingira ya kutatanisha", maneno ambayo msomaji wa Kiswahili anayafasiri papo hapo. Halafu tunarudi kwenye mabandiko yetu yote ya kumtafuta na kuyafuta, tovuti, Facebook, Instagram, X, na tunaziomba akaunti zilizochukua kwetu zifute. Hatutapata zote. Tutapata nyingi, na injini za kutafuta zitaanza kumsahau. Ya pili, habari ya kukamatwa kwa mtuhumiwa, inatoka siku nyingine ikiwezekana, bila siku ya tukio, bila neno "aliyepotea", bila sehemu. Mwandishi wa uhalifu atalalamika kwamba habari imepoteza nguvu, na ni kweli imepoteza. Kama polisi wenyewe wameziunganisha mbele ya kamera kwenye mkutano na waandishi, sisi hatulazimiki kurusha kila kilichosemwa. Mkutano wa hadhara haufuti sheria.

Kwa watoto wanaotuhumiwa, mambo yanaenda kwa kasi zaidi kwa sababu watu hawawaonei huruma. Wakati wa misako ya makundi yaliyoitwa panya road, waliokamatwa walipangwa mstari mbele ya kamera, na walikuwamo waliotajwa kuwa na umri wa chini ya miaka 18. Mpigapicha amwulize msemaji wa polisi umri wa kila mmoja, na asiyejulikana umri wake achukuliwe kuwa mtoto mpaka ithibitike vinginevyo. Kesi zao zina mahakama yake, Mahakama ya Watoto, kama ile ya Kisutu, na faragha yao inalindwa tangu mwanzo wa shauri mpaka mwisho. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema hivyohivyo.

Nilikosea mara moja kwenye jambo ambalo halikuwa la mahakama wala polisi, na limenikaa. Nilikuwa nimeshika ukurasa wa ndani usiku, habari ilikuwa ya mimba za wanafunzi, takwimu tupu, haina mtu. Ikahitaji picha. Nikafungua maktaba, nikachukua picha nzuri ya wasichana wanne wa sare wakivuka barabara wanacheka, ilipigwa siku ya kufungua shule. Nikaandika chini "Picha kwa hisani ya maktaba", nikalala. Saa tatu asubuhi baba wa mmoja wao alikuwa mapokezi, gazeti limekunjwa mkononi, hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Huyu wangu ni yupi kati ya hao wenye mimba?" Tuliomba radhi ukurasa uleule kesho yake, na nadhani radhi ile ilisomwa na watu wachache kuliko waliokwisha kumcheka yule binti.

Tangu hapo picha za watoto kwenye maktaba yetu zina kibandiko kinachosema zilipigwa kwa habari gani, na haziruhusiwi kutoka kwa habari nyingine. Picha ya furaha ibaki kwenye furaha yake. Kwenye shughuli za shule kwa kawaida namtaja mtoto na namwonyesha uso, kwa sababu aliyeshinda mdahalo ana haki ya kuonekana ameshinda, ilimradi shule na mzazi wanajua na mtoto mwenyewe ametaka. Jina na shule vinatosha. Mtaa anakoishi na njia anayopita haviongezi kitu kwenye ushindi wake. Na nawakatia sentensi waandishi wanaopenda kumalizia kwa "licha ya kulelewa na bibi baada ya wazazi wake kufariki". Mtoto amekuja kusoma shairi, hakuja kueleza msiba.

Tuseme miaka minne imepita. Mtoto wa ile habari ya Temeke yuko darasa la saba, ni siku ya mahafali, na ndiye aliyechaguliwa kughani utenzi mbele ya wazazi. Mwandishi wetu wa elimu, ambaye hajui lolote, anatuma picha: msichana ameshika karatasi, kipaza sauti kimemzidi urefu, mama yake amesimama nyuma na mtandio wa sherehe. Mhariri wa zamu anafanya tunachofanya kwa kila mtoto kabla ya kumtaja, anaandika jina lake kwenye sehemu ya kutafuta ya tovuti yetu. Hakuna kinachotokea. Anaandika jina la mama. Hakuna. Anarudi kwenye picha, anaandika chini yake jina la msichana, la shule, na jina la utenzi alioughani.